Tunataka diwani atufungulie maonyesho ya vikundi vya mtaa, tarehe, ratiba, viti na ulinzi tunaanzia wapi?

Katibu_wa_Umoja
Wakuu habari za sa hizi. Mimi ni katibu wa umoja wa vikundi hapa mtaani kwetu, tuko vikundi 12, washonaji, mafundi seremala, wasusi, vijana wa kutengeneza vitu kwa kutumia chupa na mabati ya zamani, kila kundi lina kazi zake. Tumepanga maonyesho ya siku moja kwenye uwanja wa shule, siku ya Jumamosi, watu tunategemea kama 300 hivi. Kikao kimepitisha mgeni rasmi awe diwani wetu, aje afungue, aongee kidogo, akate utepe, atembelee meza. Mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika barua na kupanga siku nzima ila sijawahi kushughulika na mgeni wa aina hii, na wenzangu wengine wanataka tuchape mabango ya tarehe wiki hii hii ili watu wajue mapema. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, tarehe na ratiba inapangwaje, viti vinakaaje na suala la ulinzi ni la nani, letu au la kwake?

Juma_Spika
Mkuu hapo usijipe presha. Mimi nafunga spika na maiki kwenye shughuli nyingi tu, diwani ukishampata umemaliza, yeye ni kiongozi, ulinzi anakuja nao mwenyewe na polisi hawawezi kukuuliza kitu manake mgeni wako ni serikali. Wewe andika barua, peleka, subiri siku. La muhimu spika zisielekezwe kwenye maiki ya jukwaani, zitapiga yowe hotuba nzima na watu wote watakumbuka hilo tu. Na hayo mabango chapeni mapema, watu wanasahau.

Mama_Itifaki
Mwanangu Katibu, nimefanya kazi ya mapokezi ya wageni wa serikali muda mrefu mpaka nimestaafu, naomba unisikilize kabla hamjachapa chochote. Mabango yasubiri. Shughuli nyingi zinaharibikia hapo hapo mwanzo, tarehe inatangazwa mtaa mzima, barua inafuata nyuma, halafu ofisi inajibu kwamba siku hiyo mheshimiwa ana kikao cha baraza au kaahidi kwingine, sasa unabaki ama unabadilisha tarehe mbele ya watu ama unafanya bila mgeni. Kwahiyo kabla hata ya barua, nenda ofisini kwake au umwone mtendaji, uliza kwa mdomo tu, vikao vya baraza na kamati vinaangukia wiki zipi, na Jumamosi zipi tayari zimeshikwa. Hilo halina gharama na hakuna atakayekunyima.

Barua iwe ukurasa mmoja. Nimesoma barua za mialiko za kurasa tatu, historia ya kikundi tangu kilipoanzishwa, na tarehe imejificha aya ya mwisho. Anayeisoma kwanza sio diwani, ni mtu wa ofisini, na yeye anatafuta vitu vichache tu, nyie ni nani, shughuli gani, wapi, siku gani na saa ngapi, watu wangapi, na mheshimiwa anatakiwa kufanya nini hasa. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Usiandike "tunakualika uwe mgeni rasmi" ukaishia hapo. Andika kwamba mnamuomba afungue maonyesho, azungumze kwa dakika 15, akate utepe na atembelee meza, akiwa nanyi kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Weka tarehe unayoitaka na nyingine mbili za akiba. Weka namba ya mtu mmoja, sio watatu, manake wakiwa watatu kila mmoja atajibu lake.

Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe urudi nayo. Wiki nne kabla ni vizuri, wiki mbili ni kubahatisha. Baada ya siku kama saba piga simu ukaulize kwa upole, usiwaachie wao wakutafute.

Bi_Rehema
Shikamoo mama. Naongezea dogo kwenye barua, ambatanisha na rasimu ya ratiba hata kama haijakamilika, inasaidia ofisi kuona mmejipanga na hamtamkalisha mtu wao kwenye jua masaa manne.

Mama_Itifaki
Marahaba binti. Kweli kabisa, na iandikwe RASIMU juu kwa herufi kubwa, isije ikasambazwa kwenye magrupu kama ndo ya mwisho.

Mkazi_Mpole
Samahani wadau, na mimi nina shida na diwani wetu, tunataka aje kufungua ile barabara ya mtaa wa nyuma imezibwa na mifereji haipitishi maji tangu mvua zilizopita. Barua ndo hiyo hiyo ya ukurasa mmoja au kuna fomu?

Bi_Rehema
Kaka hapa tunaongelea kufungua kwa maana ya sherehe, uzinduzi. La barabara na mifereji anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, liingie kwenye muhtasari wa kikao cha mtaa kisha lipande juu, ukimwandikia diwani peke yako utaambiwa urudi huko huko. Fungua uzi wake watu watakusaidia.

Afande_Mstaafu
Nimesoma hapo juu Juma anasema diwani anakuja na ulinzi wake na polisi hawahusiki. Ndugu yangu hapo umempoteza mwenzio. Madiwani wengi hawana walinzi, anakuja na dereva, pengine na jirani mmoja na kiongozi wa chama, basi. Na hata angekuwa nao, hao wangekuwa wa kumlinda yeye, hawana habari na watoto 80 waliosimama nyuma ya jenereta yako.

Kuhusu taarifa ya polisi, anayeita watu ndo anayetoa taarifa, sio mgeni. Mikusanyiko ya hadhara ina sheria yake na inatofautiana nchi na nchi, kwa Tanzania taarifa ya maandishi inatakiwa ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, Kenya sheria yao inasema kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Shughuli yako ni ya maonyesho, sio mkutano wa siasa, pengine kituoni watakwambia haina shida, lakini waache wao ndo waseme hivyo wakiwa wameshika barua yako mkononi. Mimi nakushauri uwape wiki nzima, kwa sababu unawahitaji, unataka askari wawili au watatu siku hiyo, na kituo kinapanga zamu zake mapema. Ukipeleka taarifa siku mbili kabla umetimiza sheria ila askari hutopata.

Juma_Spika
Sawa afande nimekuelewa kwenye taarifa. Ila shughuli kibao nimefunga muziki na sikuona askari hata mmoja na mambo yakaenda poa.

Afande_Mstaafu
Siku ambayo hakuna kilichotokea kila mpango unaonekana mzuri. Sibishani na wewe kwenye hilo.

Katibu_wa_Umoja
Asanteni sana wakuu, mama shikamoo. Nimefanya kama mlivyosema, mabango nimeyasimamisha (kuna waliokasirika kidogo) nimeenda ofisini nikauliza, na ile Jumamosi tuliyoitaka kweli ana shughuli nyingine. Tumepeleka barua tukaweka tarehe tatu na majibu yamekuja, amekubali Jumamosi inayofuata, atakuwa nasi kuanzia saa 4 kamili asubuhi mpaka saa 5 na nusu, baada ya hapo anawahi sehemu. Sasa tatizo ni ratiba. Wenzangu wameandika, kuna utambulisho, dua, shairi, ngoma, igizo, risala, salamu za viongozi watano, hotuba, utepe, kutembelea meza zote 12, picha na shukrani. Nikijumlisha naona haiingii ila sijui nikate nini bila kugombana na watu.

Mama_Itifaki
Hongera, tarehe ishapatikana sasa mnaweza kuchapa. Ratiba njoo tuipange hapa hapa kwa dakika, ukiwaonyesha wenzio dakika hawatagombana na wewe, watagombana na saa.

Una dakika 90. Usianze kuzijaza kutoka mwanzo kwenda mbele. Anza na kile ambacho vikundi vyote wanakisubiri, na hicho ni kutembelewa meza. Meza 12, kila moja dakika 3 tu, ni dakika 36, na hakuna anayetumia dakika 3, mtu ameshona mwaka mzima anataka aeleze. Kwahiyo chagueni meza 5 za kusimama, dakika 4 kila moja, hizo 20. Zile 7 nyingine atapita anasalimia huku anatembea, na hizo 5 mzichague kwa kura mbele ya wote ili isije ikaonekana katibu kapendelea.

Picha na shukrani wape dakika 10 za mwisho kabisa, na uache dakika 5 za kumfikisha kwenye gari. Kwahiyo ziara ya meza lazima ianze saa 4 na dakika 55. Hiyo ndo namba ya kuilinda siku hiyo kuliko zote. Sasa rudi mwanzo, saa 4 mpaka 4 na dakika 55 una dakika 55. Kushuka kwenye gari, kusalimia wenyeji, kusaini kitabu cha wageni, dakika 10. Kukaa na utambulisho, 10. Burudani moja, MOJA, dakika 5. Risala 7. Hotuba 15. Kutembea kwenda kwenye utepe na kukata, 5. Jumla 52, zimebaki 3 za kupumulia. Igizo, ngoma na salamu za viongozi watano vyote vihame, viwe kabla hajafika au baada ya kuondoka, na viongozi hao watambuliwe kwa kusimama wakiitwa majina, maiki isizunguke. Maiki ikianza kuzunguka meza kuu kila mtu "nisiongee sana" halafu anaongea dakika 6.

Bi_Rehema
Hapo kwenye risala naomba nisisitize. Dakika 7 ni chache, mpeni msomaji aisome kwa sauti kabla mkiwa mnaangalia saa, kimya kimya inadanganya. Na yale maombi yenu, kama mnaomba eneo la kudumu la kufanyia kazi au nini, wapelekeeni ofisini wiki moja kabla pamoja na taarifa fupi ya vikundi, wangapi, wanafanya nini, wana shida gani. Diwani akisikia ombi kwa mara ya kwanza mbele ya watu 300 atajibu jibu la jumla jumla tu la kupita hapo. Akiwa nalo wiki nzima anaweza kuuliza halmashauri, akaja na kitu cha kusema.

Kijana_wa_Jukwaa
Mi huwa nashereheshaga shughuli za mtaa. Swali gumu sio akija, swali ni akichelewa, na wanachelewa, sio kwa dharau, mtu ana misiba, ana wagonjwa, ana simu ya ghafla. Katibu una mpango gani saa 4 na nusu ikifika na gari halijaonekana?

Katibu_wa_Umoja
Hapo sina mpango kwa kweli. Nilidhani tunasubiri tu.

Kijana_wa_Jukwaa
Usisubiri tu mkuu, watu watakukimbia au watachoka na watoto watalia. Kuwa na ratiba mbili zimechapwa, ya kwanza na ya kuchelewa. Chukua hiyo ya mama hapo juu, tuseme kafika saa 4 na nusu badala ya saa 4. Mapokezi yanakuwa dakika 5, kitabu atasaini mwishoni. Utambulisho dakika 3, anatambulishwa mgeni na wenyeji wake tu. Burudani inafutwa, mshaijulisha mapema kundi husika kwamba ikitokea hivyo watapanda baadae. Risala dakika 3, inasomwa aya ya kwanza na maombi, karatasi nzima anakabidhiwa. Hotuba 10, na hii uongee na mtu wake wa ofisi kabla, sio umwambie yeye jukwaani. Utepe 4. Piga hesabu, dakika 25, ziara inaanza saa 4 na 55 ile ile. Ndo maana mama amesema hiyo ilindwe.

Akizidi hapo, mfano saa 5 hajafika na simu haipokelewi, lazima muwe mmekubaliana kwenye kikao nani anafungua badala yake. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, mzee mmoja, yeyote ila jina liwepo kabla. Mkianza kujadili hapo hapo mbele ya watu inakuwa aibu kwa wote.

Kitu kingine, watu waambieni saa 3 na meza ziwe wazi saa 3 hiyo hiyo. Watu wazunguke, wanunue, waongee na mafundi. Saa 4 kasorobo waite kwenye viti. Hapo hata mgeni akichelewa siku haijalala.

Mama_Itifaki
Mwanangu hilo la mwisho sikubaliani nalo. Ukishafungua meza saa 3 watu wakanunua na kuzunguka, mgeni unamwita aje afungue nini? Mimi nilizoea eneo la maonyesho linazungushiwa kamba, burudani inaendelea kwenye viti, utepe ukikatwa ndo watu wanaingia. Ndo maana ya kufungua.

Kijana_wa_Jukwaa
Nakuelewa mama na heshima zako zote, ila hiyo ni kwa shughuli ambayo una uhakika na saa. Huku mtaani ukiweka watu 300 nje ya kamba kwa lisaa limoja na nusu, siku utepe ukikatwa wote wanaingia kwa mpigo. Bora waingie kidogo kidogo tangu asubuhi.

Afande_Mstaafu
Kiitifaki mama yuko sahihi, kiusalama naegemea kwa kijana. Kamati ndo iamue, ila wakichagua kamba basi wajue wanachagua na msukumano wa pale kwenye utepe na waupangie watu.

Na hapa ndo pa kuongelea ulinzi wenyewe. Watu wakisikia ulinzi wanafikiria getini na meza kuu. Kwa shughuli ya namna hii hatari kubwa haiko wakati wa hotuba, watu wamekaa. Iko sehemu mbili, wakati wa kukata utepe na wakati mgeni anatembelea meza, manake watu wote wanasimama kwa pamoja na kila mmoja ana simu anataka picha, wanaokuwa mbele hawawezi kurudi nyuma na walio nyuma hawaoni mbele kuna nini. Watu waliosimama wakifika wanne kwenye eneo la mita moja kwa mita moja hapo tayari wamebanana, wakizidi watano mtu hana tena uwezo wa kuchagua aende wapi, anabebwa na kundi. Mtoto ndo anaumia hapo.

Kwahiyo utepe msiuweke getini wala kwenye mlango mwembamba. Uweke sehemu ya wazi yenye nafasi pande zote. Njia kati ya meza na meza zipeni mita 3, na ziara iende upande mmoja, aingilie huku atokee kule, asirudi alikopita. Vijana wanne washike kamba fupi kumzunguka, watembee naye, hawamsukumi mtu, wanatunza tu nafasi ya mikono miwili. Wapiga picha wawili mliowachagua waingie ndani ya kamba, watu wakijua picha zitatumwa kwenye grupu presha inapungua sana.

Juma_Spika
Afande hapa umenifundisha, hilo la picha ni kweli kabisa nimeliona. Mi naongezea la fani yangu, jenereta likae mbali upande ambao upepo unaelekea, lizungushiwe kamba, nyaya zipite pembeni ya viti, zikikatiza njia zifukiwe au zifunikwe na mkeka mzito ubanwe. Watu wakimkimbilia mgeni wanajikwaa kwenye nyaya, na muziki unazima muda huo huo.

Bint_Mwenyekiti
Jamani kisa chetu sisi. Tulimwalika diwani, kila kitu safi, kadi za majina ziko mezani, saa hiyo hiyo akatokea kiongozi wa juu yake, hakualikwa, alikuwa anapita akasikia ngoma. Ikabidi kiti cha katikati kihamishwe, diwani akasogea pembeni, na waliokuwa pembeni wakakosa viti kabisa, mwenyekiti wetu ambaye ndo mwenyeji akasimama shughuli nzima. Alafu mshereheshaji hakujua nani afungue. Katika hali hiyo inakuwaje?

Mama_Itifaki
Pole binti. Kwa itifaki mkubwa akija anakaa katikati, hilo halikwepeki. Lakini aliyealikwa kufungua anaweza kubaki ndiye anayefungua, mkubwa anaombwa atoe salamu, na mara nyingi viongozi waungwana wenyewe husema "mimi nimepita tu, endeleeni na mgeni wenu". Mtu wa kumuuliza ni mmoja, wa mapokezi, anamuuliza pembeni kabla hajafika mezani, sio kwa maiki.

Afande_Mstaafu
Mimi nimeona sehemu nyingine mkubwa ndo anafungua moja kwa moja na aliyealikwa anamkaribisha. Inategemea na wakubwa wenyewe walivyo.

Katibu_wa_Umoja
Hili la viti ndo linanipa mawazo sasa. Tuna meza tatu ndefu, viti 250 vya kukodi na maturubai. Vinakaaje?

Mama_Itifaki
Meza ndefu ya kawaida ya mita moja na themanini inakaa watu watatu kwa heshima, wanne wakibanana. Meza tatu, basi meza kuu ni watu 9. Mgeni katikati, mwenyekiti wenu kama mwenyeji upande wake wa kulia, kushoto mtendaji au kiongozi wa mtaa, halafu wengine. Namba witiri ni nzuri kwa sababu inakupa katikati. Ila kwenye orodha yako jaza 7 tu, viti viwili vya pembeni viache wazi bila kadi ya jina, na nyuma ya meza kuu panga vingine 6 vimefunikwa kitambaa kile kile. Yaliyompata binti hapo juu yasingemkuta mwenyekiti wao.

Simamisha mtu mmoja, mtulivu, anayejua sura za watu, mstari wa mbele, ana orodha mkononi, kazi yake hiyo tu. Asigawe maji, asipige picha. Na wanachama wa vyama mbalimbali wakija, wagombea au waliowahi kugombea, wapokee vizuri wote, wakae mstari wa mbele wa wananchi, sio meza kuu, na bendera na fulana za chama mziombe zibaki nje kwa barua mapema. Kama kampeni ziko karibu, mie ningewashauri msogeze shughuli mpaka zipite, manake hapo hata utepe unakuwa siasa.

Bi_Rehema
Viti 250 usivitandaze vyote kama uwanja wa mpira. Vigawe makundi mawili, kila kundi safu 12 za viti 10, hiyo ni 240, kumi vinabaki akiba. Katikati acha njia ya mita moja na nusu. Kiti cha plastiki kinakula kama nusu mita upana, kwahiyo makundi mawili na njia ni kama mita 11 na nusu, na ukiacha sentimita 90 toka kiti cha mbele mpaka cha nyuma safu zote zinaingia kwenye mita 11. Ukibana chini ya hapo mtu wa katikati hawezi kutoka bila kuinua wenzake. Pima kwa hatua uwanjani kabla hujakodi maturubai.

Toka meza kuu mpaka safu ya kwanza acha mita 4, na hapo watoto watakuja kukaa utake usitake, kwahiyo tandika mikeka upande mmoja uwe wao, upande wa pili ubaki wazi. Wenye viti vya magurudumu na wazee wawe mwanzo wa safu kando ya njia ya kati, sio pembeni kabisa mwa uwanja ambako wakitaka kutoka lazima wazunguke umati.

Na nenda uwanjani saa 4 asubuhi siku moja kabla uone jua linapiga wapi. Turubai linaweka kivuli kwa saa, sio kwa ramani.

Kijana_wa_Jukwaa
Alafu gari. Magari yote yasimame nje ya uwanja ila moja la mgeni liingie likae limegeuzwa linaangalia geti. Geti la pili la shule liwe wazi, halina meza halina pikipiki, hilo ni la gari la wagonjwa.

Afande_Mstaafu
Hilo geti la pili liwe na mtu mwenye ufunguo mfukoni anayejulikana jina. Nimeona geti la dharura lina kufuli na mlinzi kaenda kunywa chai.

Kwa idadi, watu 300, weka vijana 8, wawili geti kuu, mmoja geti la pili, wanne ndo wale wa kamba, mmoja anakaa na mtu wa huduma ya kwanza, hapo hapo ndo penye watoto waliopotea na vitu vilivyookotwa. Wavae kitu kimoja kinachoonekana, fulana au ukanda. Askari wakija wakabidhi kwa mtu mmoja, usiwape amri mwenyewe, waonyeshe geti, njia ya ziara na saa ya utepe, wao watajipanga.

Juma_Spika
Si bora kukodi mabaunsa afande? Vijana wa mtaa wanajuana na watu, wataachia ndugu zao wapite.

Afande_Mstaafu
Kwa disko sawa. Hapa kujuana kunasaidia, mtoto akipotea anajulikana wa nani. Ila una hoja kwenye geti kuu, hapo weka mtu mzima asiyeombeka.

Katibu_wa_Umoja
Wakuu nimekaa na kamati jana. Kura ya meza 5 imepigwa mbele ya wote na hakuna aliyelalamika. Ratiba zote mbili zimepita, ngoma wamekubali saa 3 na nusu, igizo baada ya mgeni kuondoka. Kwenye kamba tumegawanyika, tumeamua meza ziwe wazi kuanzia saa 3 ila kuuza kuanze baada ya utepe, sijui kama itafanya kazi. Polisi wamepokea barua wamesema watatoa askari wawili. Mwenyekiti wa mtaa ndo atafungua kama mgeni hajafika saa 5. Kuna kitu kimebaki siku ya Ijumaa?

Kijana_wa_Jukwaa
Hilo la kutouza halitawezekana, mtu ana hela mkononi na fundi ana mteja, watauziana chini ya meza. Labda wachukue oda tu.

Mama_Itifaki
Ijumaa jioni mpigie mtu wa ofisi yake, usimpigie mheshimiwa. Uliza mambo matatu, wanakuja watu wangapi kwenye gari, wanatokea wapi, na namba ya dereva. Kisha mpe dereva namba ya kijana wa geti kuu waongee wenyewe, manake asubuhi wewe simu yako itakuwa inaita bila kupumzika, na dereva akipotea njia mgeni wako amechelewa robo saa ukiwa umesimama jukwaani huna habari.

Katibu_wa_Umoja
Sawa mama, kijana wa geti nishamwambia asizime simu. Mikasi ya utepe tumeweka miwili, mmoja tumeujaribu haukati ule utepe wa satini kabisa, tunatafuta mwingine leo.